Fomu ikikuuliza unataka mshahara wa ngapi

Fomu umeijaza vizuri hadi hapo. Jina, nambari ya kitambulisho, gredi ya KCSE, diploma, watu watatu wa kukushuhudia. Halafu unafika kwa kisanduku kimoja kidogo kimeandikwa "Expected Salary", na vidole vinakataa kusonga. Ukiweka pesa kidogo, watakupa hiyo hiyo kidogo. Ukiweka nyingi, huenda simu isilie kabisa. Wengi wetu hapo tunaandika "negotiable" na kubonyeza kutuma, tukidhani tumekwepa mtego.

Hujakwepa kitu. Hebu jiweke kwa kiti cha anayesoma. Tuchukue kampuni ya uwakala wa forodha pale Malaba, zile tunaita tu kliaringi. Inatafuta karani wa hati, mtu wa kupokea makaratasi ya shehena, kuyaingiza kwa mfumo wa forodha na kufuatilia lori hadi livuke kwenda Uganda. Maombi yamefika mia moja na kitu. Anayechambua ana jedwali kwa kompyuta, na safu moja ya hilo jedwali ni mshahara. Yeye tayari ameambiwa na bosi pesa ya mwisho anayoweza kulipa. Kazi yake ya kwanza ni kupanga hiyo safu kutoka chini hadi juu na kukata wote waliopita kiwango. Aliyeandika "negotiable" hana namba ya kupangwa, kwa hivyo anawekwa kando asubiri. Mara nyingi watu kumi wa kuhojiwa hupatikana kabla ya kumfikia.

Kuna na upande wa pili wa huo mkasi, ambao vijana hawauongelei sana. Namba ya chini sana pia inaweza kukutoa. Kazi ya mpakani inahusu mizigo ya watu na pesa ya ushuru. Mtu akisema atafanya kazi hiyo kwa mshahara ambao kila mtu Malaba anajua hautoshi chumba na chakula, mwajiri mwenye akili atajiuliza hiyo pesa nyingine jamaa atakuwa anaitoa wapi. Au atadhani hujui kazi yenyewe ni gani. Kwa hivyo kuandika kidogo ili "uonekane mnyenyekevu" si njia salama vile watu hudhani.

Unachohitaji ni namba mbili kabla hata hujagusa fomu: sakafu yako, yaani pesa ambayo chini yake hiyo kazi haikusaidii, na bei ya soko, yaani kile kazi hiyo hulipa hapa hapa. Tuanze na sakafu.

Chukua mfano wa kijana wa Moding anayeomba hiyo kazi ya karani. Anataka kuhamia Malaba mjini. Anaandika matumizi yake ya mwezi kwa daftari: chumba 4,000, chakula 9,000, boda na matatu 2,000, simu, maji na stima 2,500, ya kutuma nyumbani 4,500, na 4,000 ya nguo, dawa na akiba kidogo. Jumla ni 26,000. Wewe utaweka bei za ploti yako na mahitaji ya kwenu, lakini hesabu ni ile ile.

Kabla hujasema "si nitakaa tu nyumbani Moding niokoe kodi", piga hesabu ya nauli. Ikiwa boda kwenda na kurudi ni shilingi 200, kwa siku 26 za kazi hiyo ni 5,200. Umekwepa kodi ya 4,000 na kulipa zaidi barabarani. Na mpaka haulali. Ukipangiwa shifti ya usiku, boda wa saa tano usiku hana bei ya saa mbili asubuhi.

Sasa hapa ndipo watu wengi hupotea. Hiyo 26,000 ni pesa ya mkononi. Fomu haiulizi pesa ya mkononi. Mwajiri anapoongea mshahara, kwa kawaida anaongea mshahara kabla ya makato, na kati ya hizo mbili kuna serikali.

Makato ya mwajiriwa wa Kenya kwa kiwango hiki cha mshahara ni manne. NSSF inachukua asilimia 6. Bima ya afya ya SHIF, iliyokuja Oktoba 2024, inachukua asilimia 2.75. Ada ya nyumba inachukua asilimia 1.5. Zijumlishe upate asilimia 10.25. La nne ni ushuru wa PAYE. Tangu mwisho wa Desemba 2024, hayo makato matatu ya kwanza hutolewa kwanza, halafu ushuru unahesabiwa kwa kile kinachobaki. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, na 8,333 zinazofuata asilimia 25. Halafu unapunguziwa 2,400 kila mwezi kama nafuu ya mlipa ushuru. Ukiangalia vizuri, asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400 kamili. Maana yake kama kilichobaki hakizidi 24,000, hulipi PAYE hata ndururu.

Tujaribu na mshahara wa 30,000. NSSF ni 1,800, SHIF ni 825, ada ya nyumba ni 450. Jumla 3,075. Kinabaki 26,925. Hiyo imepita 24,000 kwa 2,925, na asilimia 25 ya hapo ni kama 731. Toa hiyo pia. Mkononi unabaki na takriban 26,194.

Basi kijana wetu amepata jibu. Ili aguse 26,000 yake, lazima mshahara kabla ya makato uwe karibu 30,000. Angeandika 26,000 kwa fomu kwa sababu "hiyo ndiyo nahitaji", makato yangekula zaidi ya 2,600, na angeanza kila mwezi akiwa na deni la jirani. Viwango hivi hubadilika sheria mpya ya fedha ikipita, kwa hivyo kabla ya kuomba kazi angalia vya sasa kwa tovuti ya KRA, kisha rudia hesabu hii hii na namba mpya.

Sakafu peke yake haitoshi, kwa sababu mwajiri halipi mahitaji yako, analipa kazi. Kwa hivyo namba ya pili unaitafuta nje. Na usiitafute kwa mitandao ya Nairobi. Hata sheria ya mshahara wa chini kabisa nchini hutenganisha. Majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu yana kiwango chao, miji mingine iko chini yao, na sehemu zilizobaki ziko chini zaidi. Ukichukua mshahara wa karani wa hati wa Industrial Area ukaubandika kwa fomu ya Malaba, utajikata mwenyewe kabla mwingine hajakukata.

Uliza watu wanaoifanya kazi hapa. Bora zaidi ni aliyeiacha juzi, maana hana cha kuficha. Lakini usimuulize "bro, unalipwa ngapi?" Hilo swali hufunga watu midomo, au huwafanya waongeze chumvi. Uliza hivi: "Mtu mpya kwa hiyo dawati huanzia wapi, na mwenye miaka miwili amefika wapi?" Hapo anaongea kuhusu kazi, haongei kuhusu mfuko wake. Kama ni mtu mzima ofisini, mwite mzee au madam, uliza mara moja, na ushukuru.

Akikupa namba, kuna maswali mawili ya kufuata. La kwanza, hiyo ni ya mkononi ama kabla ya makato? Mmoja akikwambia "wanaanzia 26" na mwingine "wanaanzia 30", inawezekana kabisa wanaongea mshahara mmoja, umeona hesabu yenyewe hapo juu. La pili, je, marupurupu ya nyumba na pesa ya shifti ya usiku yako ndani ama nje?

Hili la nyumba si dogo. Sheria ya ajira ya 2007 inasema mwajiri akupe mahali pa kukaa, ama akulipe pesa ya kutosha kodi juu ya mshahara, ama mkubaliane kwamba mshahara mmoja umebeba yote. Katika amri za mshahara wa chini, marupurupu ya nyumba ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa hivyo "mshahara wa msingi 30,000" na "mshahara 30,000 kila kitu ndani" ni vitu viwili tofauti. Wa kwanza, ukiongeza asilimia 15, unafika 34,500. Kijana akiandika tu "30,000" bila maneno mengine, mwajiri ana haki ya kuisoma vile inampendeza.

Tuseme kijana wetu ameuliza watu wanne. Baada ya kugeuza kila namba iwe kabla ya makato, nyumba ikiwa ndani, anaona wapya huanzia 30,000 hivi, na waliokomaa wako karibu 40,000. Yeye si mgeni kabisa. Amefanya atachimenti ya miezi mitatu kwa kampuni ya kliaringi, na ana cheti cha kikanda cha mawakala wa forodha, kile kinaitwa EACFFPC. Hiyo inamtoa chini kabisa ya soko, lakini haimfikishi juu. Nafasi yake ni katikati, kidogo upande wa chini.

Sasa ndio tunaandika. Na hapa kuna kanuni moja ya kushika: mwajiri akiona namba mbili, jicho lake linaenda kwa ndogo. Ukiandika "25,000 hadi 50,000", umemwambia uko sawa na 25,000. Hiyo 50,000 inamfanya tu ajiulize kama hujui unachotaka. Kwa hivyo namba ya chini kwa fomu isiwe sakafu yako. Iwe juu ya sakafu kidogo, pesa ambayo ukipewa hiyo hiyo, bila nyongeza, utasaini ukiwa na furaha. Namba ya juu iwe kama asilimia 15 juu ya hiyo ya chini, na isipite mtu aliyekomaa kwa kazi hiyo.

Kijana wetu ana sakafu ya 30,000 na soko la 30,000 hadi 40,000. Anaanzia 33,000. Asilimia 15 juu yake ni karibu 38,000. Kwa kisanduku anaandika:

```
KES 33,000 - 38,000 gross per month, house allowance included
```

Kila neno hapo lina kazi. "Gross" inasema ni kabla ya makato. "Per month" inazuia mtu kudhani ni kitu kingine. Maneno ya nyumba yanafunga ule mlango wa asilimia 15. Na "KES" kwa watu wa Busia na Malaba si mapambo. Hapa tunaishi na shilingi mbili. Kampuni nyingine zina ofisi pande zote za mpaka, na kazi unayoomba huku inaweza kulipwa kutoka kule.

Ukiomba kazi upande wa Uganda, usichukue mshahara wa Kenya ukauzidisha tu. Shilingi ya Kenya mara nyingi huwa karibu shilingi 28 za Uganda, lakini angalia kiwango cha siku hiyo kwa wanaobadilisha pesa. Halafu kumbuka makato ya kule si ya huku. Mwajiriwa wa Uganda hutoa asilimia 5 kwa NSSF yao, na PAYE yao huanza mshahara ukipita UGX 235,000 kwa mwezi. Anza tena na pesa ya mkononi unayohitaji, igeuze kwa shilingi ya Uganda, kisha rudisha makato yao juu yake. Na bei ya soko uliza kule, usiulize huku.

Kuna fomu za mtandaoni ambazo zinakataa maneno na kukataa namba mbili. Kisanduku kinataka tarakimu moja tu. Hapo usiweke 0 wala 1 ukidhani ni ujanja wa kusema "tutaongea". Mfumo unaweza kuitoa, na binadamu akiiona anaona mtu ambaye hakusoma swali. Weka namba iliyo kati ya chini yako na katikati ya kipimo chako. Kijana wetu ataweka 35,000. Mshahara huo kabla ya makato unamwachia mkononi kama 29,559, kwa hivyo hata wakimshusha kidogo bado hajagusa sakafu. Kama kuna mahali pa barua ya maombi, sentensi moja inatosha kusema kwamba hiyo ni kabla ya makato na unaweza kuongea kulingana na marupurupu.

Nafasi za kaunti na serikali kuu ni hadithi tofauti. Pale mishahara imepangwa kwa madaraja ya herufi, chini ya viwango vya SRC, na tangazo kwa kawaida husema daraja la kazi hiyo. Hakuna anayekuongezea kwa sababu ulijieleza vizuri. Fomu yao ikiuliza unatarajia nini, soma daraja kwa tangazo na uandike kwamba unakubali kiwango cha daraja hilo. Nguvu yako ya kubargeni ihifadhi kwa kampuni za watu binafsi.

Fomu ikiuliza pia mshahara wako wa sasa, andika wa kweli au uache kama hairuhusu kulazimisha. Usiongeze. Waajiri wengi huomba peislipu ukishapita mahojiano, na hapo uongo wa shilingi elfu tano unaweza kukunyima kazi ambayo ulikuwa umeshaipata. Kama unalipwa kidogo sasa, hiyo haibadilishi soko wala sakafu.

Je, ukikuta soko liko chini ya sakafu? Tuseme umeuliza wote wanne, na kazi hulipa 22,000 hadi 26,000, nawe unahitaji 30,000. Hapo hakuna namba ya ujanja. Ukiandika 33,000 utakatwa, na ukiandika 24,000 utaingia kwa kazi ambayo itakuangusha kufikia mwezi wa tatu. Angalia kama kuna kitu cha kweli cha kupunguza sakafu: kampuni ina gari la wafanyakazi, inatoa chakula cha mchana, ina chumba. Kila kimoja kina bei yake kwa daftari lako. Gari la kampuni likifuta nauli yako ya 2,000 na chakula cha mchana kikipunguza 3,000, mahitaji yako ya mkononi yameshuka hadi 21,000. Ukiigeuza, hiyo ni mshahara wa karibu 23,400 kabla ya makato, na hapo hata PAYE hulipi. Sasa kazi hiyo inaingia. Kama hakuna kitu kama hicho, iache, tafuta nyingine. Kwa sababu nyongeza za baadaye huja kwa asilimia ya pale ulipoanzia. Aliyeanza na 24,000 akiongezwa asilimia 5 anapata 1,200. Aliyeanza na 33,000 anapata 1,650 kwa kazi ile ile.

Simu ikilia, utasikia kitu kama: "Tumeona umeandika thelathini na tatu. Sisi bajeti yetu ni thelathini." Usiseme sawa papo hapo, na usikasirike. Jibu: "Asante, bosi. Hiyo thelathini ni ya msingi, au nyumba iko ndani? Na shifti za usiku zinalipwa vipi?" Kama nyumba iko nje, 30,000 yake ni 34,500 na umepita hata pale ulipoanzia. Kama kila kitu kiko ndani, umefika sakafu kamili. Unaweza kuomba 32,000, au ukubali 30,000 na kuomba iandikwe kwa mkataba kwamba mshahara utaangaliwa tena baada ya miezi sita. Na kama wanasema 27,000, unajua tayari kwamba hiyo ni kama 24,170 mkononi, karibu elfu mbili chini ya daftari lako kila mwezi. Unakataa kwa heshima bila kubahatisha.

Jambo moja la mwisho kabla hujabonyeza kutuma: piga picha ya hiyo fomu uiweke kwa simu, na uandike tarehe. Mahojiano yanaweza kuja wiki sita baadaye, ukiwa umeomba kazi nyingine kumi na mbili kati ya Busia na Bungoma. Watakuuliza tena unataka ngapi, na karatasi yako itakuwa mezani mbele yao.